Bei 52%, je, ndiyo kila kitu?

> "Dodoso la kuchagua vifurushi limenipa umuhimu wa bei 52%, GB 36%, muda wa matumizi 12%. Niwaambie wakubwa wateja wanajali bei tu?"

Hapana, usiwaambie hivyo bado. Asilimia hizo zinatokana na upana wa viwango ulivyowawekea watu. Tuseme alama za mvuto, yaani kila kiwango kinawavutia wateja kiasi gani, zilitofautiana kwa 2.6 kati ya bei 10 na bei 20, kwa 1.8 kati ya GB 5 na GB 20, na kwa 0.6 kati ya siku 7 na siku 30. Jumla ni 5, na bei inapata 52% yako. Sasa ungepima bei 10 na 12 tu, na mvuto ukishuka kwa mstari ulionyooka, bei ingebaki na 0.52 kati ya jumla mpya ya 2.92, yaani 18%. Wateja ni walewale!

Mimi asilimia siziamini sana. Angalia hatua moja moja: bei ikipanda kwa 1, mvuto unapungua 0.26. Kama kutoka GB 5 hadi 10 kunaongeza 1.2, hatua hiyo inafidia ongezeko la bei la karibu 4.6. Kutoka 10 hadi 20 kunaongeza 0.6 tu, kwa hiyo inafidia 2.3. Hapo ndipo pa kuamua kifurushi.

Halafu, uliweka chaguo la "sichukui chochote", ili uone nani asingenunua kabisa?