Kisa Kifupi Mwanzoni mwa Wasifu

Wiki iliyopita kijana mmoja mchoraji aliniandikia hivi: "Dada, nimeombwa wasifu wa maneno 100 kwa ajili ya kijitabu cha maonyesho. Ulishatushauri tuanze na kisa cha kweli kinachoonyesha tabia ya mtu. Nimeandika kisa changu, na maneno yote 100 yamekwisha kabla sijataja hata jina. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini kwa kuwa swali hili hunifikia kila msimu wa matamasha unapokaribia, leo nalijibu kwa urefu unaostahili, nikitumia wasifu mmoja ambao nilishiriki kuupunguza neno kwa neno.

Anayeishi Bagamoyo anajua kwamba hapa kuombwa wasifu si jambo la ajabu. Tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, kabla hakijawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, mji huu umejaa wapiga ngoma, wachongaji, wachoraji na waigizaji, na kila mmoja wao hufika siku akaambiwa alete picha moja na aya moja kuhusu nafsi yake. Picha hupatikana upesi. Aya ndiyo inayomkesheza mtu.

Nami niliwahi kuipeleka ya kwangu. Miaka mingi imepita tangu ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliponiomba wasifu kwa ajili ya kijitabu chake. Niliuanza na kisa cha sentensi mbili, nikaridhika nacho, lakini kijitabu kilipotoka nilikuta kisa kimefutwa na mahali pake pamewekwa maneno "msanii mchapakazi, mbunifu na mwenye kujituma". Nilipofunua ukurasa wa pili nikakuta jirani yangu naye ni mchapakazi na mbunifu. Ukurasa wa tatu vivyo hivyo. Sikulalamika, kwa kuwa kazi za sanaa ni chache na anayelalamika hukumbukwa kwa ubaya, lakini siku ile ndipo nilipoona wazi kwamba sifa ikiandikwa kwa kila mtu haimwelezi mtu yeyote. Msomaji akimaliza kijitabu kile hawezi kusema ni nani kati yetu angependa kufanya naye kazi.

Sasa nije kwenye wasifu niliouahidi. Ni wa fundi mmoja wa Dunda anayewamba ngoma na kuzipiga, ambaye ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kutaja jina. Aliniletea karatasi iliyoanza na mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, na mjomba aliyemfundisha kazi. Nilimwomba aiweke kando, aniambie siku moja ambayo wenzake wa kikundi hawaachi kumtania nayo. Hilo ndilo swali ninalouliza kila mara, na ninalipendekeza kuliko swali la "umefanikiwa nini", kwa sababu mtu akiulizwa mafanikio hutaja vyeti, ila utani wa wenzake hushika tabia yake ilivyo. Akacheka, akasimulia kama ifuatavyo:

"Tulialikwa kupiga ngoma kwenye harusi Mlingotini. Mawingu yalikuwepo tangu asubuhi. Tulipofika tukapokewa vizuri, tukapewa chai na maandazi, tukasubiri. Jioni mvua ikanyesha, ngozi zikalegea. Mwenye shughuli akasema pigeni hivyo hivyo, hakuna atakayejua. Mimi nikakataa. Nikaenda jikoni kuomba makuti makavu, nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikazipasha zote, chapuo na vumi na msondo, moja moja, huku bibi harusi akisubiri. Hapo nilijifunza kwamba sanaa inahitaji uvumilivu."

Kwa asiyejua kazi hii, ngozi ya ngoma hunyonya unyevu wa hewa, ikalegea, na sauti yake ikawa butu kama mtu anayegonga godoro. Joto la moto huikausha na kuikaza tena. Makuti yanafaa kwa kuwa moto wake huwaka haraka na kuzimika haraka, lakini ngoma hushikwa mbali kidogo na kugeuzwa-geuzwa, maana ngozi ikiungua hupasuka na kazi ya siku imeharibika. Fundi alinieleza hayo yote kwa mikono yake, akiigiza namna anavyoigusa ngozi kwa kiganja ili kusikia kama imeiva. Yalikuwa maelezo matamu, na hakuna hata neno moja lililoingia kwenye wasifu. Msomaji wa kijitabu hahitaji kujua ngoma hupashwaje. Anahitaji kumwona mtu huyu akikataa kupiga ngoma iliyolegea.

Kukata kulianza mwishoni, na nakushauri nawe uanzie hapo. Sentensi ya "hapo nilijifunza" iliondoka kwanza, kwa sababu inamweleza msomaji jambo ambalo ameshaliona, na msomaji anayeelezwa alichokwisha kukiona huhisi ameonwa mjinga. Kisha ukaondoka mwanzo: mawingu, mapokezi, chai na maandazi. Kisa cha ndani ya wasifu huanza pale mambo yanapoharibika, si pale safari inapoanza. Kilichobaki kilikuwa hiki:

"Mvua ilipolegeza ngozi za ngoma kwenye harusi moja Mlingotini, wenyeji walimwambia apige hivyo hivyo. Aliomba makuti makavu jikoni, akawasha moto nyuma ya nyumba, na bibi harusi akasubiri mpaka ngoma ya mwisho ilipolia sawasawa."

Ni maneno 33, theluthi moja ya wasifu wa maneno 100, na kwa maoni yangu kisa kisivuke hapo. Kikifika nusu, wasifu unageuka hadithi yenye mkia wa maelezo. Angalia pia namna sarufi yetu inavyobeba mzigo: "ilipolegeza" limemaliza kazi ya "wakati ambapo mvua ilinyesha na kusababisha ngozi kulegea", na "akawasha" limeondoa haja ya "baada ya hapo". Ukiona kisa chako kimejaa "kisha", "baadaye" na "ndipo", rudi kwenye vitenzi, uviache vipangane vyenyewe kwa -ka- na -po-. Mara nyingi utapata nafasi ya kutosha bila kugusa tukio lenyewe.

Hata hivyo kazi ilikuwa haijaisha, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kisa cha kweli. Nilimwomba fundi ampigie simu mwenzake aliyekuwepo siku ile na kumsomea sentensi zile mbili. Mwenzake alicheka kwenye makuti, akanyamaza kwenye bibi harusi, kisha akasema, "Kaka, bibi harusi alikuwa bado chumbani anapambwa. Waliosubiri ni wageni." Fundi alikuwa akimtia bibi harusi katika kisa hiki kwa miaka, bila nia ya kudanganya, kwa sababu bibi harusi anapendeza zaidi katika simulizi. Tulimwondoa. Nakiri kwamba sentensi ilipungua utamu, lakini Bagamoyo ni mji mdogo, na siku ya kusoma wasifu jukwaani mtu mmoja tu aliyekuwepo Mlingotini akinong'ona "si kweli", tabia nzuri uliyotaka kuionyesha imegeuka kinyume chake. Jaribio ni hilo: soma kisa mbele ya mtu aliyekuwepo, na palipomfanya anyamaze ndipo pa kurekebisha. Ikiwa hakuna aliyekuwepo, usiweke maneno mdomoni mwa mtu wala idadi ya watu usiyoikumbuka.

Jambo la pili tulilobadili lilikuwa neno "wenyeji". Walikuwa wamemkaribisha na kumlisha, na sasa kisa kiliwafanya waonekane watu wasiojali. Wasifu unaompandisha mwenyewe kwa kumshusha mwingine huonyesha tabia, ila si ile uliyokusudia. Tukaandika "aliambiwa apige hivyo hivyo", na hakuna aliyeumia. Baada ya mabadiliko hayo mawili kisa kikawa na maneno 31.

Sentensi inayofuata kisa ndiyo wengi huiharibu, kwa kuwa hushawishika kuandika "Kisa hiki kinaonyesha uvumilivu wake". Hapana. Taja jina na kazi, basi: "Huyo ni Fulani, mpigaji na mwambaji wa ngoma kutoka Dunda, Bagamoyo." Jina lisichelewe zaidi ya sentensi ya tatu, kwa sababu mhariri aliyebanwa na nafasi hukata kutoka chini, na jina lililo chini linaweza kukatwa nalo. Mjomba, vikundi alivyopigia na ngoma anazotengeneza vilienea katika maneno yaliyobaki, na mwaka wa kuzaliwa hatukuuhitaji.

Ili kujua kama kisa kimefanya kazi, niliziba jina kwa kidole na kumpa jirani yangu karatasi. Jirani huyo anauza samaki na hana habari na sanaa. Nikamuuliza, "Huyu mtu yukoje?" Akajibu bila kufikiri, "Mbishi, lakini kazi yake ataifanya vizuri." Neno "mbishi" halikuwemo kwenye wasifu, wala "vizuri". Angejibu, "Ni mtu wa harusi", ningejua kwamba kisa kimeonyesha tukio na kuificha tabia, na ningemrudia fundi kutafuta kisa kingine badala ya kuendelea kukipamba hicho.

Nitajisifu kidogo, maana nimengoja kwa muda mrefu. Mshereheshaji aliposoma wasifu ule jukwaani, watu walicheka kwenye "hivyo hivyo", na fundi alipoingia na msondo wake walikuwa wameshamjua. Mtu mmoja aliniuliza ni nani aliyeuandika. Nilimwambia, na sikujinyenyekeza.

Kuna mahali ambapo haya yote hayafai. Fomu yenye visanduku ijazwe kama inavyotaka, na barua ya kuombea mkopo si mahali pa makuti. Ukiombwa maneno 30, usikibane kisa mpaka kikose pumzi. Weka jina, kazi na mahali, na kisa kiache. Ukipewa maneno 50, sentensi moja inatosha, na kwa fundi wangu tuliandaa hii: "Mvua ilipolegeza ngozi za ngoma harusini aliambiwa apige hivyo hivyo, akaomba makuti, akawasha moto." Wageni waliosubiri wameachwa, Mlingotini pia, lakini kukataa kwake kumebaki, na hilo ndilo ambalo halikatwi. Kwa sababu hiyo kila mara nampelekea mwandaaji wasifu wa aina mbili, mrefu na mfupi, ili akihitaji kupunguza achague kati ya hizo badala ya kukata kwa mkasi wake.