Risala ya watoto kwenye miaka 40 ya ndoa: anzeni na kitanda, sifa zitakuja zenyewe

Risala nyingi za watoto nilizozisikia katika kumbi za Dar es Salaam, kuanzia Sinza mpaka Tabata, zinafanana. Baba anasifiwa kwa kulipa ada. Mama anasifiwa kwa kupika, kuvumilia na kusali. Halafu unasomwa wasifu: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa mahali fulani. Wasifu wa namna hiyo una mahali pake, kwenye sherehe ya kustaafu au msibani. Kwenye miaka 40 ya ndoa watu wamekuja kusikia habari za hawa wawili wakiwa pamoja, na wanaoweza kuitoa habari hiyo ni watoto, maana ndio waliokulia ndani ya nyumba hiyo.

Wazazi wetu walifunga ndoa Juni 1985. Tulipokaa kuandaa risala yao, kaka alikuja na rasimu yake, na kila alichoandika kilikuwa kweli. Lakini ungebadilisha majina ungeweza kuisoma kwenye sherehe ya jirani. Ndipo mdogo wetu wa kike akauliza: hivi usiku ule wa Juni 1985, baada ya ngoma kuisha, walikwenda kulala wapi? Tukatazamana. Watoto wazima, wengine tuna watoto wetu, na hakuna aliyejua.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ushauri wangu mkubwa uko hapa. Kabla hamjaandika neno, nendeni mkawaulize wazazi, kila mmoja peke yake. Mkiwauliza wakiwa wamekaa pamoja, mmoja ataongea na mwingine ataitikia. Na msiwaulize habari za hisia. Ukimwambia mzee wa miaka 70 akueleze siri ya ndoa yake, atakujibu "uvumilivu, mwanangu", na mazungumzo yataishia hapo. Waulizeni vitu. Kitanda cha kwanza kilitoka wapi? Kodi ya chumba ilikuwa shilingi ngapi? Nani alikuwa anachota maji? Sukari ya harusi mliipataje? Mwaka 1985 bidhaa zilikuwa za kupangia foleni, na wazee wa rika lile kila mmoja ana habari yake ya sabuni, sukari na vitenge. Ukimgusa hapo, huhitaji kumsukuma.

Baba kwanza alisema hakumbuki chochote. Nilipomuuliza kitanda, aliweka kikombe chini. Kilikuwa cha futi tatu na nusu, kimetengenezwa na fundi wa Buguruni kwa mbao za mninga, na alikilipa kwa awamu. Kilikuwa kwenye chumba kimoja cha kupanga, na kwa miaka ya mwanzo yeye na mama hawakukilalia kwa wakati mmoja isipokuwa mwisho wa wiki. Baba alikuwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, zamu ya usiku. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mmoja akirudi, mwingine anatoka.

Mama, nilipomfuata siku nyingine, alieleza jambo lile lile kwa upande wake, na akaongeza kitu ambacho baba hakukitaja. Juu ya meza kulikuwa na daftari la shule, moja ya yale ya kurasa chache, na ndani yake walikuwa wanaachiana habari. "Mtoto amekohoa usiku, nimempa dawa saa kumi." "Mkaa umebaki wa leo tu." "Mwenye nyumba amekuja, nimemwambia Ijumaa." Na baba, ambaye sisi wote tulikuwa tumejiandaa kumsifia ada, ndiye aliyekuwa anatuogesha na kutukorogea uji asubuhi baada ya kukesha kiwandani, kwa sababu mama alikuwa darasani. Kaka mkubwa alipoambiwa hivyo alikumbuka ghafla: uji wa baba ulikuwa mzito, na aliweka limau.

Kwa upande wa mama tulikuta kinyume cha tulichozoea kusema. Kiwanja cha Kimara tulichokulia kilinunuliwa kwa fedha za upatu aliokuwa anacheza na walimu wenzake. Baba alijenga, lakini ardhi aliileta mama. Jambo kama hili linagusa heshima ya mzee mbele ya mashemeji na wajomba, kwa hiyo halisemwi ukumbini bila ruhusa yake. Kaka alikwenda kumuuliza. Baba akajibu: "Semeni. Tena semeni kwa sauti, wajomba zenu wasikie dada yao alifanya nini." Kama angesita, tungeliacha, hata kama lilikuwa ndilo tamu kuliko yote.

Kwa hiyo jaribuni hivi: mtafutieni baba kitu kimoja kisichokuwa ada, na mama kitu kimoja kisichokuwa jiko. Si kwamba ada na jiko havina uzito. Ni kwamba kila mgeni ukumbini tayari anavijua.

Mtakuta pia kwamba wazazi hawakubaliani. Mama alisema kiwanja kilinunuliwa mwaka 1992, baba akasema 1993. Msiwakutanishe wabishane. Tafuteni hati ya mauziano, au muulizeni msimamizi wao wa ndoa kama yupo hai, na mkikosa vyote semeni "mwanzoni mwa miaka ya tisini" mwendelee. Wasimamizi wafuateni kwa vyovyote. Wana habari ambazo wazazi hawatazitoa wenyewe, hasa za siku ambazo ndoa iliyumba. Nyingine ni za kubaki nazo ninyi.

Sasa jambo linaloziumiza familia nyingi, na ambalo huachwa mpaka usiku wa sherehe: majina ya watoto. Tunaye kaka ambaye baba alimzaa kabla ya ndoa, na tulikuwa na dada aliyefariki akiwa mdogo. Tulimuuliza mama kuhusu wote wawili, si baba, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuumia zaidi likisemwa vibaya. Akataka kaka atajwe wa kwanza, kama mtoto mkubwa, bila maelezo yoyote ya mama mwingine. Na dada atajwe. Sisi tulimweka mahali pake katika mpangilio wa kuzaliwa, wa tatu, tukasema "ambaye Mungu alimchukua mwaka 1994", kisha tukaendelea na wa nne. Nimeona risala zinazomweka marehemu mwishoni kabisa, na ukumbi mzima unabaki kulia wakati keki inasubiri. Akitajwa katikati ya ndugu zake anaheshimiwa na sherehe inaendelea kuwa sherehe.

Kuhusu nani asome. Kwa desturi mtoto wa kwanza ndiye msemaji, na kumruka ni kumvunjia heshima mbele ya ukoo. Lakini si kila mtoto wa kwanza ana sauti ya kusoma. Sisi tuligawana: kaka mkubwa alitoa salamu kwa wazee, viongozi wa dini, wakwe na wageni, akatambulisha watoto, kisha akasema "sasa mdogo wetu atasoma kwa niaba yetu sote". Tukasimama wote nyuma yake. Salamu ziwe fupi. Mshereheshaji ameshawataja wageni wote, hamna haja ya kurudia cheo cha kila mtu.

Urefu nao upimeni kwa saa, si kwa kurasa. Mtu akisoma Kiswahili taratibu, na kuacha nafasi ya vigelegele, anasoma kama maneno 100 kwa dakika. Risala ya maneno 500 inakula dakika tano, na ukumbini dakika tano zinatosha. Hicho ndicho kilichotulazimu kuchagua. Tulikuwa na habari za kujaza saa nzima, tukabaki na daftari, uji na kiwanja. Mahali penye moyo wa risala paliishia kusomeka hivi:

"Baba, Mama, shikamooni. Mwaka 1985 mlianza na chumba kimoja Buguruni na kitanda cha futi tatu na nusu. Mwalimu alikuwa bado Ikulu, Mzee Mwinyi akaapishwa Novemba, na ninyi mlikuwa na miezi mitano ya ndoa. Baba akienda zamu, Mama anarudi. Mkawa mnaongea kwa daftari. Mama, uliandika, 'Mtoto hajala vizuri.' Baba, ulijibu chini yake, 'Amekula sasa, vikombe viwili.' Sisi ndio tuliokula uji huo. Na Mama, nyumba ambayo leo wajukuu wanaiita kwa bibi imesimama juu ya ardhi uliyoipata kwa upatu wako. Baba ametuagiza tuliseme hili, na tumelisema."

Angalieni kwamba historia ya taifa imechukua nusu sentensi tu. Inatosha kuwakumbusha wazee waliomo ukumbini walikuwa wapi mwaka ule. Na hakuna mahali tulipoandika "mnapendana sana" au "ninyi ni mfano wa kuigwa". Habari ya vikombe viwili ilipofika, shangazi zetu walisimama wenyewe.

Yaliyobaki ni ya ukumbini. Kamati ikipanga ratiba, ombeni risala isomwe kabla ya chakula. Sahani zikishaanza kupita, hata risala nzuri inapotea kwenye kelele za vijiko na watoto wanaolilia soda. Mwambieni mpiga muziki asiweke wimbo wowote chini ya sauti ya msomaji, kwa sababu spika za kumbi zetu nyingi zinazungusha sauti na maneno yatamezwa. Chapeni kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Simu inaweza kuita katikati ya sentensi, na taa za rangi za ukumbi zinafanya kioo kisisomeke. Msomaji asimame upande ambao wazazi wanamwona bila kugeuza shingo, awatazame wao, si kamera. Wageni watasikia tu.

Na zawadi msizitangaze ndani ya risala. Mkishasema "tumewaletea jokofu na tiketi za kwenda Zanzibar", yote mliyosimulia kabla yake yatasahaulika, na mshereheshaji atapokea kipaza sauti na kuanza kuita familia nyingine zishindane nanyi. Malizeni risala, mkumbatieni Baba na Mama, rudini mkae. Zawadi zina kipengele chake kwenye ratiba, na huko mnaweza kwenda mkicheza.