Kufuturu Baada ya Saumu ya Hiari: Maswali ya Wasomaji wa Mwanza

*Ninafunga Jumatatu na Alhamisi, na kazi yangu ni ya sokoni. Magharibi ikiingia ninakunywa soda baridi na kula chipsi mayai, kisha nikifika nyumbani ninakula ugali pamoja na familia. Tumbo hujaa hadi siwezi kuinama, lakini saa nne usiku njaa imesharudi. Tatizo ni nini? (Msomaji, Kirumba)*

Ndugu yangu, tatizo lipo zaidi katika mfuatano wa vyakula hivyo kuliko katika chakula kimoja kimoja. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, yaani vijiko vya chai tisa hivi, na kwa kuwa ni kimiminika kisicho na protini wala nyuzinyuzi, hupita tumboni upesi na sukari yake huingia kwenye damu kwa kasi. Mwili hutoa insulini nyingi ili kuishusha, na kwa baadhi ya watu mshuko huo huleta njaa mpya saa chache baadaye. Chipsi zilizokaangwa na mayai hufanya kinyume chake, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo. Unapofika nyumbani, basi, chipsi bado zimo, na ugali unazikuta humo humo. Uzito unaouhisi ni wa tumbo lililotanuka, nao hauhakikishi kwamba shibe itadumu.

Ninakushauri ugawe futari yako mara mbili. Adhana ikilia, kula tende tatu na unywe glasi moja ya maji yasiyo ya barafu, kisha uswali na ufunge biashara yako. Tende tatu za kawaida zina sukari ya kutosha kuondoa kizunguzungu na uchovu, lakini si nyingi kiasi cha kukukatia hamu ya mlo. Muda unaopita hapo una kazi yake, kwani ishara za shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua takribani dakika 20 kufika vizuri kwenye ubongo, na mtu aliyeshinda na njaa anaweza kumaliza sahani mbili kabla hazijafika.

Ukifika nyumbani, anza na mchuzi mwepesi wa sato pamoja na matembele au mchicha, kisha ule samaki mwenyewe, na ugali uje mwisho ukiwa na ukubwa wa ngumi yako. Mboga na samaki wakitangulia, wanga humeng'enywa taratibu na sukari haipandi ghafla. Kipande cha sato chenye gramu 100 za nyama kina protini isiyopungua gramu 20, na protini ndiyo inayoshikilia shibe kwa muda mrefu kuliko wanga au mafuta. Kabla ya kuongeza tonge, kaa kidogo uzungumze na watoto.

Jipime baada ya siku mbili tatu za saumu. Ukicheua sana, ukapata kiungulia au usingizi mzito mara tu baada ya kula, punguza kwanza mafuta, si ugali. Ukiamka usiku na njaa, ongeza samaki, maharage au choroko, na ugali uuache ulivyo. Watu wengi hufanya kinyume kabisa. Wala sisemi uagane na chipsi mayai maisha yako yote. Nasema tu zisiwe za kwanza kuingia tumboni.

*Shikamoo. Nje ya Ramadhani tende ninaziona ghali. Je, ninaweza kufungulia kwa michembe au matobolwa kama tulivyozoea kwetu? (Mama wa watoto wanne, Igoma)*

Marahaba, mama. Kwa upande wa lishe, tende si lazima. Ndizi mbivu moja au kipande cha papai hufanya kazi ile ile, na papai lina maji mengi pia. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu, kwa hiyo wanga wake ni mzuri, ila vyote vimekaushwa, na hapo ndipo pa kuangalia. Ukitafuna matobolwa makavu huku tumbo likiwa tupu na mwili una kiu, yatavuta maji na kuvimba ndani yako, nawe hutajua umekula kiasi gani hadi tumbo liwe limeshakaza. Yaloweke kwanza, au yaache kwa ajili ya baadaye.

Michembe ichemshe hadi ilainike kabisa, kisha uichanganye na karanga zilizotwangwa, kama inavyopikwa Usukumani. Karanga huipa protini na kuifanya ikae tumboni, lakini zina mafuta mengi, hivyo konzi moja ya karanga inamtosha mtu mmoja. Tanguliza maji na tunda, halafu ule bakuli dogo. Ukila mchanganyiko huo, huna haja ya kuongeza wali au ugali usiku huo huo, kwa maana huo ni mlo kamili wa wanga. Kinachobaki kuongezwa ni mboga na dagaa kidogo.

*Mimi ni Mkristo na ninafunga siku ya Ijumaa kwa ajili ya maombi, hadi jua lizame. Nyumbani chakula cha jioni huliwa saa tatu usiku. Nisubiri? (Msomaji, Nyegezi)*

Usisubiri. Jua la Mwanza huzama karibu na saa moja jioni, na saa mbili za ziada za njaa, huku harufu ya jikoni ikikuzunguka, ndizo zinazomfanya mtu adokoe mandazi na sambusa hadi apoteze hesabu. Kunywa maji, kisha kikombe kimoja cha uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa, na sukari isizidi kijiko kimoja cha chai. Uji huo utakufikisha saa tatu ukiwa mtulivu. Mlo wa saa tatu uwe nusu ya ulivyozoea, na usilale kabla ya saa mbili hivi kupita, la sivyo asidi ya tumbo itapanda kifuani.

*Saumu za hiari sili daku, naona usingizi. Je, nifidie kwa kula zaidi jioni? (Mwanafunzi, Malimbe)*

Hapana. Chakula kingi cha jioni hakikai tumboni hadi kesho yake mchana. Kama huwezi kuamka, gawa tu maji yako vizuri kati ya magharibi na kulala, na mlo wa usiku uwe na maharage au kunde na dona badala ya sembe, kwa sababu nyuzinyuzi zake huufanya mlo umeng'enywe polepole.

*Baba yangu ana kisukari na anataka kufunga siku moja kwa wiki. Afungulie nini? (Msomaji, Buzuruga)*

Kabla ya kuchagua chakula, apelekwe kwenye kliniki yake ya kisukari ili dawa zipangwe upya. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa bado na saumu, na ishara zake ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi, kwa glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Daktari akimruhusu kufunga, basi afungulie tende moja na maji, kisha samaki na mboga, na wanga wake apimiwe na mtu mwingine wa nyumbani, kwa kuwa mwenye njaa hajipimii haki.