Artikeli za Kigiriki na mnyororo wa milikishi katika 2 Wakorintho 4:4

*Swali: Mwalimu, tunapitia rasimu yetu ya 2 Wakorintho. Katika 4:4 kuna "ton photismon tou euangeliou tes doxes tou Christou". Mwenzangu anasema kwamba, kwa kuwa kila nomino ina artikeli yake, maana ni moja tu na tanbihi haihitajiki. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tuandikeje tafsiri ya pili?*

Mwenzako ameziona artikeli vizuri, lakini amezidai kazi ambayo haziifanyi. Artikeli ya Kigiriki hupatana na nomino yake yenyewe katika jinsia, idadi na uhusika: "tes" ni ya kike kwa sababu "doxa" ni ya kike, basi. Haisemi neno hilo linategemea nomino ipi iliyotangulia. Zaidi ya hayo, upo mwelekeo unaoitwa kwa jina la Apolonio Diskolo, mwanasarufi wa Aleksandria wa karne ya 2, kwamba nomino kuu ikiwa na artikeli, milikishi inayoifuata nayo huwa nayo, na ikikosa, mara nyingi zote hukosa. Kwa hiyo artikeli nne mfululizo ni jambo la kawaida, na hazithibitishi upande wowote.

Kiswahili hufanya kinyume chake. A-unganifu yetu hupatana na nomino inayotegemewa, yaani ile ya nyuma, hivyo mara nyingi hutulazimisha kuamua jambo ambalo Kigiriki kimeliacha wazi. Biblia ya Union imeandika "nuru ya Injili ya utukufu wake Kristo". Neno "wake" ni la ngeli ya U, kwa hiyo mfasiri amekwisha kuamua kwamba Kristo amefungwa kwenye utukufu. Angeandika "yake Kristo", Kristo angefungwa kwenye Injili au nuru. Hapo ni herufi moja tu, na wasomaji wengi hawatajua kwamba palikuwa na uamuzi. Kwa upande mwingine, katika Warumi 8:21, "uhuru wa utukufu wa watoto wa Mungu", uhuru na utukufu zote ni za ngeli ya U, kwa hiyo "wa watoto" inaweza kushika popote, na utata wa Kigiriki umebaki salama bila mtu kuutafuta.

Kwa 4:4, njia mbili zinazostahili kujadiliwa ni hizi, na mabano yanaonyesha nini kimefungwa na nini:

```
A: nuru [ya Injili [ya utukufu [wa Kristo]]]
B: nuru [ya [Injili tukufu] ya Kristo]
```

Katika A, utukufu ni wa Kristo na ndio habari ambayo Injili inaileta. Katika B, utukufu ni sifa ya Injili tu, kama Kigiriki cha Agano Jipya kinavyoweza kutumia milikishi mahali pa kivumishi kwa kufuata mtindo wa Kiebrania. Mimi naegemea A, kwa sababu milikishi katika mnyororo kwa kawaida hutegemea ile iliyoitangulia karibu, na zaidi kwa sababu mstari wa 6 unarudia umbo lile lile, "photismon tes gnoseos tes doxes tou theou", ambapo utukufu ni wa Mungu bila shaka. Hata hivyo B haivunji sarufi, na inabadilisha kile ambacho msomaji anaambiwa kuhusu Kristo. Kwa hiyo inastahili tanbihi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni tanbihi fupi mno, kwa mfano "Au: yenye utukufu". Nuru na Injili zote ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo msomaji hawezi kujua "yenye" inasifu ipi, na tanbihi iliyokuja kuondoa utata imeleta mwingine. Rudieni kifungu kizima tangu nomino kuu, na mkiweke kivumishi ubavuni mwa neno lake. Katika Paratext, alama ya tafsiri mbadala ni `\fqa`:

```
\f + \fr 4:4 \ft Au \fqa nuru ya Injili tukufu ya Kristo.\f*
```

Msitie mkwaju ndani ya matini yenyewe ("utukufu/tukufu"), maana itasomwa kwa sauti kanisani na msomaji atakwama. Sababu za uamuzi, pamoja na yale mabano, zikae katika maelezo ya kazi ya timu, si katika tanbihi. Kisha mpeni rasimu mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo, mumwulize, "Utukufu huu ni wa nani, au wa nini?" Akijibu "wa Injili" huku mmechapa A, a-unganifu yenu haijasikika, na afadhali mgeuze muundo: "nuru ya Injili inayotangaza utukufu wa Kristo". Mkifanya hivyo, andikeni kwenye maelezo ya kazi kwamba "inayotangaza" ni neno lenu, kwa sababu halimo katika Kigiriki na mkaguzi atalihoji.