Magunia 20 yanapogeuka 10 kwenye pivoti

“Natunza rekodi za mahindi: kilo zilizopokelewa na uzito wa gunia. Kwenye pivoti ya Excel nimeweka Calculated Field ya kugawanya. Nina vijiji viwili na kila kimoja kinasoma magunia 10, sawa kabisa, lakini jumla kuu nayo inasema 10. Si ingekuwa 20?”

Ndiyo, ni 20. Fomula umeiandika vizuri, ila Calculated Field haigawanyi mstari mmoja mmoja. Hujumlisha kilo zote, hujumlisha uzito wote, ndipo hugawanya. Tuseme kijiji cha kwanza kilileta kilo 900 kwenye magunia ya kilo 90, cha pili kilo 500 kwenye magunia ya kilo 50. Excel inachukua 1,400 na kugawanya kwa 140. Hiyo 140 ndiyo inayoharibu: ghalani kwako hakuna gunia la kilo 140.

Kagua vijiji pia, maana hatari haiishii kwenye jumla kuu. Kijiji kilicholeta kilo 900 mara mbili kitasoma 1,800 kwa 180, yaani magunia 10 tena, na hapo ni rahisi kupitiwa.

Dawa ni kugawanya kabla data haijaingia kwenye pivoti. Ikiwa kilo ziko safu C na uzito wa gunia safu D, ongeza safu ya Magunia, andika hivi na ukokote hadi chini:

```
=C2/D2
```

Tumia Change Data Source ili safu mpya iingie, kisha Refresh. Iweke Magunia kwenye Values kama Sum na uiondoe ile ya zamani.

“Je, nikibadilisha Sum kuwa Average?”

Namba haitasogea. Calculated Field hufanya kazi na jumla za safu zake, uchague nini.

“Duka langu moja lina faida 10%, jingine 30%. Jumla kuu inasema 13.3%. Nayo imekosea?”

Hapana, hiyo iache. Kama la kwanza liliuza 1,000,000 na kupata faida 100,000, la pili likauza 200,000 na kupata 60,000, faida yote ni 160,000 kwa mauzo ya 1,200,000. Ni 13.3% kweli. Wastani wa 10% na 30%, yaani 20%, ungefanya duka dogo liwe na uzito sawa na kubwa. Jiulize: zile jumla mbili zinazogawanywa zina maana zikisimama peke yake? Mauzo yote yana maana. Uzito wa magunia uliojumlishwa hauna.

“Data inatoka kwenye mfumo wa ofisi, siruhusiwi kuongeza safu.”

Kwenye Excel ya Windows, 2016 na kuendelea, geuza data kuwa Table, iite Mahindi, na unapotengeneza pivoti weka tiki kwenye Add this data to the Data Model. Kwenye PivotTable Fields bofya kulia jina la Table, chagua Add Measure, na kama safu zako zinaitwa Kilo na UzitoGunia, andika:

```
=SUMX(Mahindi, Mahindi[Kilo]/Mahindi[UzitoGunia])
```

SUMX hugawanya kila mstari kwanza, kisha hujumlisha. Ukikuta Calculated Field imefifia, ni kawaida. Pivoti ya Data Model haiitumii.