Macho yaanze, mdomo ufuate

Nilipoanza kuhuisha wahusika wa katuni wanaozungumza, nilianzia mdomoni. Nilikuwa nikisikiliza sauti, nalinganisha midomo na kila silabi, kisha nakwenda kupachika kupepesa macho hapa na pale ili uso usionekane umekufa. Msimamizi wangu alitazama shoti moja, akaniambia, "Huyu hajibu swali, anasoma tu maneno aliyoandikiwa." Alikuwa sahihi. Hakuna mahali popote mhusika wangu alipofikiri.

Tuchukue shoti fupi. Binti anaulizwa, "Ulikuwa wapi jana usiku?" Anajibu, "Nyumbani," na anadanganya. Tunafanya kazi kwa fremu 24 kwa sekunde. Swali linaishia fremu ya 20, neno lake linaanza fremu ya 56. Hapo katikati kuna sekunde moja na nusu, na shoti nzima imo humo.

Toka 20 hadi 26 usifanye karibu chochote. Anamtazama muulizaji, swali bado linamwingia. Wageni wengi huogopa huo utulivu, wanaujaza mitikisiko, na hapo ndipo wanapoupoteza ule wakati ambao mtazamaji angeona swali likimchoma.

Fremu ya 27 nyusi zinaanza kukutana kwa ndani, kidogo tu, wa kushoto ukishuka zaidi ya wa kulia. Zikienda sawasawa pande zote mbili uso unakuwa kama kinyago. Fremu moja baadaye kope zinaanza kushuka. Zinafungana kufikia 30, zinabaki hivyo fremu moja, kisha zinafunguka polepole kidogo hadi 35. Kufunga kuwe haraka kuliko kufungua. Ukivilinganisha, kupepesa kunakuwa kama pazia la mashine. Na wakati macho yamefumbwa ndipo unapohamisha mboni kwenda chini pembeni. Zikifunguka, tayari hayupo na muulizaji: yuko ndani ya kichwa chake.

Sasa anatafuta uongo. Fremu ya 40 macho yanaruka kidogo upande mmoja, ya 46 yanaruka tena. Kila mruko uchukue fremu moja au mbili, kisha jicho litulie kabisa mpaka mruko unaofuata. Hapa ndipo nilipokosea kwa miezi. Programu ya Blender ikiunganisha pozi kwa mkunjo wa `Bezier`, jicho linateleza taratibu kutoka hapa hadi pale, na mhusika anaonekana mlevi. Chagua funguo za macho, yaani fremu ulizohifadhi pozi lake, kwenye `Graph Editor`, bonyeza `T`, uweke `Constant`, au `Linear` ukirudia pozi la awali fremu moja au mbili kabla ya kila mruko, la sivyo jicho litateleza vilevile. Isipokuwa pale jicho linapofuata kitu kinachosogea, kama gari linalopita. Hapo linateleza kweli, na ni haki yake.

Fremu ya 48 amelipata. Macho yanamrudia muulizaji, kichwa kinafuata kwenye 51. Ukivigeuza kichwa na macho kwa pamoja, anakuwa sanamu linalozungushwa. Nyusi zinapanda kuanzia 49, juu kidogo kuliko inavyohitajika, na zinakwama huko, maana mtu anayejifanya hana wasiwasi husahau kuzishusha. Pumzi inaingia, kifua kinanyanyuka kidogo, na fremu ya 56 mdomo unasema "Nyumbani". Usimpepese macho kwenye neno hilo. Mpe kupepesa kumoja baada yake, akisubiri kuona kama ameaminika.

Kuna kasoro moja utakayoiona kila mara macho yanapokwenda chini: weupe unajitokeza juu ya mboni, na binti anayewaza anageuka binti aliyeona jini. Sababu ni kwamba ukope wa juu umebaki pale pale. Jicho likishuka, ushuke nalo, ukifunika kipande chembamba cha juu cha duara la rangi. Likipanda, upande nalo. Baadhi ya viunzi vya wahusika, ile mifupa na vidhibiti tunavyowaendeshea, hufanya hivi vyenyewe, vingine havifanyi. Jaribu kabla hujaanza kazi.

Kujua kama imekubali, zima sauti, ziba mdomo wa mhusika kwa kidole kwenye skrini, mwite mtu ambaye hajasikia mazungumzo. Muulize binti anafanya nini. Akisema "anatafuta la kusema", endelea na midomo. Akisema "anatazama sakafu", macho umeyahamisha lakini nyusi hazikusaidia, kwa hiyo rudi kwenye 27.

Haya yote ni ya shoti ya karibu. Kamera ikimwonyesha binti mwili mzima, miruko ya 40 na 46 haitaonekana na mtu, hivyo usipoteze nayo jioni nzima. Kigeuze kichwa chenyewe pembeni, mabega yashuke kidogo, halafu arudi.