Kijani cha Embe si Kijani cha Benedikti

Vijana mnaoanza maabara, nimepitia daftari zenu na kosa ni lile lile la waliowatangulia. Mbele ya juisi ya embe ngowe mliyoipima kwa Benedikti, kile kimiminika chenye shaba cha kupimia sukari, mmeandika: "Kijani, sukari kidogo." Ngowe lililoiva, tena la Malindi hii hii, liwe na sukari kidogo? Ladha yake tu ingewashtua mkarudia jaribio.

1. Rangi ya kabla ya moto si jibu. Juisi ya ngowe ni ya manjano iliyokoza, na Benedikti ni buluu. Ukitia mililita 2 za hii na mililita 2 za ile, ukatikisa, unapata kijani papo hapo, hata kabla neli haijaingia kwenye maji ya moto. Hizo ni rangi mbili zimekutana tu, shaba haijaguswa. Wengine wakishaona kijani hicho huitoa neli baada ya dakika moja, wakidhani kazi imekwisha.

Kijani cha Benedikti kina asili nyingine kabisa. Kwenye joto, sukari sahili kama glukosi na fruktosi huipa shaba elektroni, na shaba hiyo hugeuka oksidi isiyoyeyuka. Oksidi hujitokeza kama vumbi laini, la manjano au jekundu. Vumbi likiwa dogo, buluu iliyobaki huchanganyika nalo machoni, nasi tunasoma kijani. Likiongezeka, buluu inapungua: tunapata manjano, kisha rangi ya chungwa, mwisho nyekundu ya tofali. Kwa hiyo kijani cha kweli kina ukungu, na ukiiacha neli itulie, vumbi hukaa chini.

Lakini nyama ya embe nayo hukaa chini, na hapo ndipo wengi mnadanganyika mara ya pili. Chujeni juisi kwa kitambaa safi, halafu kwa karatasi ya kuchujia. Chukueni mililita 1 ya juisi hiyo, mwongeze mililita 9 za maji yaliyokenekwa, ili manjano ya embe yafifie. Kisha tayarisheni neli tatu. Ya kwanza ina mililita 2 za juisi hiyo na mililita 2 za Benedikti. Ya pili ni vivyo hivyo, ila inabaki kwenye kishikio bila moto. Ya tatu ina maji matupu na Benedikti. Ya kwanza na ya tatu zikae kwenye bika la maji yanayochemka kwa dakika 5. Kisha linganisheni ya kwanza na ya pili: tofauti mnayoiona baina yake ndiyo kazi ya sukari. Ya tatu lazima ibaki buluu. Ikibadilika, neli ilikuwa chafu au Benedikti yenyewe imeharibika, na matokeo yote ya siku hiyo yafutwe.

2. Nyekundu ya tofali haimaanishi vyakula viwili vina sukari sawa. Asali na ngowe vyote hufika huko, kwa kuwa shaba iliyomo kwenye mililita 2 za Benedikti ina kikomo, na ikiisha rangi haina pa kwenda tena. Tazameni maji yaliyo juu ya vumbi baada ya kutulia. Kama buluu imetoweka yote, zimueni sampuli zote mbili kwa kiwango kimoja, mpime tena, hadi moja irudi kwenye chungwa au manjano na nyingine ibaki nyekundu. Hiyo iliyobaki nyekundu ndiyo yenye sukari sahili zaidi.

3. Sukari ya dukani, ile ya kwenye chai, hubaki buluu. Msiandike "hakuna sukari". Sukrosi haiwezi kuipa shaba elektroni mpaka ivunjwe. Kwenye mililita 2 za sampuli mpya tieni matone machache ya asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsheni kwenye bika dakika chache, mpoze, halafu mtie magadi ya kuokea kidogo kidogo mpaka povu likome. Hapo ndipo Benedikti iingie. Anayeruka magadi anaiacha asidi iile kaboneti ya Benedikti, na shaba haifanyi kazi bila alkali. Neli yake itabaki buluu hata kama sukari imejaa. Na jaribio lisilo na asidi lifanywe kwanza siku zote, la sivyo hamtajua sukari sahili ilikuwemo tangu mwanzo au imetokana na sukrosi iliyovunjwa. Ngowe inazo zote mbili, ndiyo maana nyekundu ya neli ya kwanza haionyeshi utamu wake wote.

4. Midomo ya neli isimwelekee mtu. Kwa limau, kumbukeni kwamba vitamini C nayo hubadilisha Benedikti, basi msiihesabie sukari peke yake rangi yote mnayoiona.